UZI: Balbu na washa za koki ni za nani? Huu hapa mgawanyo niliowaandikia wapangaji, naomba tuupime

Mwenyenyumba Ilazo

Wakuu habari za jioni. Hapa Ilazo, Dodoma, kuna nyumba moja ya kujitegemea na banda la uani lenye kaya nne, mita ya maji moja, LUKU kila kaya na yake. Mikataba inaanza upya mwezi ujao, na safari hii nimeamua matengenezo madogo yaandikwe waziwazi. Mkataba wa zamani ulisema tu "matengenezo madogo ni ya mpangaji", na neno "madogo" kila mtu analisoma anavyotaka.

Nilivyoandika ni hivi. Mpangaji atashughulikia balbu za ndani ya vyumba vyake, washa za koki zake, kuzibua sinki lililozibwa na mabaki ya chakula au nywele, na kitasa alichokivunja mwenyewe. Mimi nitashughulikia paa, kuta, mabomba yaliyofukiwa, tenki la juu, nyaya, swichi, soketi, sakiti breka, shimo la choo na taa za nje ya uzio. Kwa vilivyobaki katikati nimeweka kikomo cha shilingi 10,000. Kisichozidi hapo, vifaa na fundi kwa pamoja, ni cha mpangaji, na kinachozidi ni changu.

Nimeongeza sharti moja la kunibana mwenyewe. Washa ya koki moja ikifa mara ya pili ndani ya miezi mitatu, fundi analetwa kwa gharama yangu, kwa sababu hapo tatizo huenda si washa tena.

Naomba wenye ujuzi wa bomba, umeme na mikataba muuchambue kabla sijauchapisha. Sitaki karatasi inayomuumiza mtu.

---

Kijana wa Ipagala

Mkuu, mbona unajisumbua? Sheria iko wazi: madogo yote ni ya mpangaji, makubwa ni ya mwenye nyumba. Andika hivyo tu, akibisha mwonyeshe sheria.

---

Karani Mstaafu

Kijana wangu, umeshika nusu. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kwenye vifungu vya 88 na 89, inaweka wajibu unaohesabika umo ndani ya mkataba wa pango hata kama haukuandikwa. Upande wa mwenye nyumba, nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na ibaki hivyo muda wote wa pango. Akipangisha sehemu tu ya jengo, kama hilo banda la uani, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na sehemu za pamoja zinabaki juu yake. Upande wa mpangaji, anatakiwa airudishe nyumba katika hali aliyoikuta, ila hawajibiki na uchakavu wa kawaida.

Hutakuta humo neno balbu wala neno washa. Pengo hilo linajazwa na mkataba, na ndiyo maana mwenye uzi amefanya vizuri kuandika kitu kwa kitu. Hapo penye "uchakavu wa kawaida" ndipo pana ugomvi wote. Washa ni kipande cha raba kinachochakaa kwa kazi yake ya kila siku. Kama mkataba umenyamaza, mpangaji anaweza kusema ni uchakavu wa kawaida na akawa na hoja. Mwenye nyumba naye anaweza kusema koki ilikuwa kavu siku ya makabidhiano, irudishwe kavu. Mkiandikiana mapema, hamfiki huko.

---

Fundi Bomba Nkuhungu

Mwenye uzi, sharti lako la mara ya pili ndani ya miezi mitatu ni zuri, lakini limechelewa. Ukikagua vizuri mara ya kwanza, utajua papo hapo kama kosa ni la washa au la koki. Na hicho kikomo cha 10,000 kitakuletea kesi, nitaeleza kwa nini.

Tuanze na koki ya kawaida ya nusu inchi, ile ya kuzungusha mara kadhaa ndipo ifunge. Ndani yake kuna shina linaloshuka unapofunga. Chini ya shina kuna washa ya raba, na washa inakalia ukingo wa duara wa chuma ambao mafundi tunauita kiti. Maji yanazuiwa pale raba inapobana juu ya kiti. Kwa hiyo koki inayodondosha mdomoni ina moja kati ya mawili: raba imekwisha, au kiti kimeliwa.

Kiti kinaliwaje? Koki inaanza kudondosha, mtu anaikaza kwa nguvu badala ya kubadilisha washa. Raba inakatika upande mmoja, na maji yanapata upenyo mwembamba. Yanapita hapo kwa kasi usiku na mchana hadi yanachimba mfereji kwenye chuma. Maji ya visima vya huku kwetu yana chumvi nyingi, kila mtu anaona ule ukoko mweupe kwenye birika na kwenye mdomo wa koki. Ukoko huohuo unaota juu ya kiti, na kila ukifunga unaikwaruza raba mpya kama msasa. Ongeza mgao. Maji yakirudi yanasukuma mchanga na kutu iliyokuwa imetulia kwenye bomba, na punje moja ikibanwa kati ya raba na kiti inatosha kuacha alama.

Mpangaji akiweka washa mpya juu ya kiti cha namna hiyo, itashika wiki mbili au tatu kisha itaanza tena. Atanunua ya pili na ya tatu, na mwenye nyumba atamwambia "si tulikubaliana washa ni zako". Hapo mpangaji anaonewa, hata kama mwenye nyumba hakukusudia.

Wakati wa kubadilisha, ukaguzi ni huu. Funga geti valvu ya kwako, fungua koki mpaka maji yaishe, uiache wazi kidogo. Toa kile kifuniko cha rangi juu ya mpini, fungua skrubu, vuta mpini. Shika nati ya shingo kwa spana malaya huku mkono mwingine umeushika mwili wa koki ili usizunguke, kisha fungua. Shina likitoka, itazame washa ya zamani kabla hujaitupa. Ikiwa imebonyea sawasawa duara zima na imekauka, imezeeka tu, weka mpya umemaliza. Ikiwa imekatwa upande mmoja, au ina mkwaruzo palepale ilipokuwa na mkwaruzo washa iliyopita, ingiza kidole mle ndani ukizungushe juu ya kiti. Kiti kizima ni laini kama ukingo wa kikombe. Ukisikia jino, shimo au ukoko, washa haitaokoa kitu.

Ukoko unatoka kwa kusugua. Mfereji kwenye shaba unasagwa kwa kifaa cha kusagia kiti, kama koki ni ya shaba nzito. Hizi koki nyepesi za kung'aa ambazo ndani ni aloi ya kijivu hazisagiki, zinamomonyoka. Hizo ni kubadilisha koki nzima.

---

Mama Wawili Kisasa

Fundi asante, lakini mimi nimekwama. Jana nimenunua washa ya nusu inchi, nimefuata hatua hizohizo kwenye koki ya sinki la jikoni, na sijaona mahali pa kuiweka. Kilichotoka ni kitu kama pipa dogo la plastiki na shaba, chini lina matundu mawili. Koki yenyewe ukizungusha robo tu inafungua yote. Washa inakaa wapi?

---

Fundi Bomba Nkuhungu

Dada, hiyo haina washa ya namna hiyo. Hilo pipa ni katriji. Ndani yake mna visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Adui yake ni mchanga na chumvi. Kabla hujanunua nyingine, iloweke kwenye siki kama saa moja, isuuze, angalia kama ile ringi ya raba ya chini haijapasuka, kisha irudishe. Kama ni ukoko tu uliozuia visahani visikutane, itapona. Ikiendelea kudondosha, kauri ina mkwaruzo na hairekebishiki.

Ukienda dukani nenda nayo mkononi. Katriji zinafanana kwa macho, lakini zinatofautiana urefu na idadi ya meno ya juu yanayoshika mpini, na ipo inayofunga kuelekea kulia na inayofunga kuelekea kushoto. Koki ya maji moto na ya baridi kwenye sinki moja mara nyingi zinapishana hapo.

Maji yakirudi baada ya mgao, fungua kwanza bomba la nje mpaka uchafu utoke, ndipo ufungue za ndani. Koki za kauri zinaokolewa sana na tabia hiyo.

---

Mwenyenyumba Ilazo

Hii inanigusa, maana nyumba ya mbele ina koki za robo zote na mkataba wangu unataja "washa" tu. Kwa hiyo katriji iwe ya nani? Bei yake inaipita washa mara nyingi.

---

Binti Nzuguni

Jamani naomba kuingiza langu maana linafanana. Koki ya jikoni, ya kuzungusha mara nyingi. Tangu Februari nimebadilisha washa mara tatu, kila mara nimemlipa fundi. Sasa inadondosha tena. Mwenye nyumba anasema mkataba uko wazi, washa ni za mpangaji. Mita ya maji tunachangia kaya tatu, na wenzangu wameanza kunung'unika kuwa bili inapanda kwa ajili yangu. Nifanyeje?

---

Fundi Bomba Nkuhungu

Pole dada. Nijibu manne. Inadondosha mdomoni au pale shina linapoingilia chini ya mpini? Washa zilizotoka zilikuwa na alama gani? Umekuwa ukiikaza kwa nguvu? Na chupa ya nusu lita ukiiweka chini ya koki iliyofungwa, inajaa kwa muda gani?

---

Binti Nzuguni

Inadondosha mdomoni. Washa ya mwisho ninayo, imekatwa kama mwezi mchanga upande mmoja. Ile ya kabla yake fundi aliitupa. Kukaza, ndiyo, lazima nikaze kwa kitambaa ndipo ipungue. Chupa nimeipima sasa hivi, imejaa dakika 40.

---

Fundi Bomba Nkuhungu

Basi tuhesabu. Nusu lita kwa dakika 40 ni robo tatu ya lita kwa saa, lita 18 kwa siku, lita 540 kwa mwezi. Hizo ni ndoo 27 za lita 20. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, kwa hiyo koki yako inaongeza zaidi kidogo ya nusu yuniti kwa mwezi. Waonyeshe majirani hesabu hiyo. Kama bili imepanda kwa yuniti nne au tano, koki yako haihusiki na ongezeko lote. Kuna mahali pengine panavuja, na mara nyingi ni tenki la choo cha mtu.

Kuhusu koki, alama ya mwezi upande mmoja, washa tatu tangu Februari, na kukaza mpaka kwa kitambaa, vyote vinaonyesha kiti kimeliwa. Safari hii usinunue washa. Mwombe mwenye nyumba awepo koki ikifunguliwa, naye aingize kidole mwenyewe. Hakuna ushahidi unaoupita huo. Kuna jambo moja tu litakalokugeuzia kesi: kama koki ilikuwa mpya ulipoingia na wewe ndiye uliyeikaza miezi mingi bila kutoa taarifa, anaweza kusema umechangia kuiharibu, na hatakuwa amekosea kabisa.

---

Binti Nzuguni

Haikuwa mpya. Ilikuwa na ukoko mweupe siku naingia, picha ninayo.

---

Kijana wa Ipagala

Kwa nini asibadilishe koki nzima mwenyewe akakata kwenye kodi? Koki ya kawaida haina gharama kubwa, tefloni kidogo, dakika kumi kazi imekwisha.

---

Fundi Bomba Nkuhungu

Hapo ndipo ninapotofautiana na wewe, na ndipo ninapomtofautia mwenye uzi kuhusu kikomo cha 10,000.

Kubadilisha washa ni kufungua shingo tu. Mwili wa koki hausogei, bomba la ukutani halijui kama kuna kazi imefanyika. Kubadilisha koki nzima ni kuizungusha kutoka kwenye elbo iliyofukiwa ukutani. Koki iliyokaa miaka mingi kwenye maji ya chumvi imeshikana na elbo. Asiyejua anaivuta kwa spana ndefu, na kinachozunguka ni elbo ndani ya ukuta. Kama bomba ni la plastiki linapasuka, kama ni la chuma lenye kutu linakatika kwenye uzi. Ufa mdogo hauonekani siku hiyo. Baada ya wiki rangi inaanza kuvimba chini ya sinki, halafu mnavunja vigae. Kazi ya bei ndogo imezaa kazi ya bei kubwa, na mpangaji ndiye aliyeshika spana.

Kwa hiyo mimi mpaka siuweki kwenye bei, nauweka kwenye kinachofunguliwa. Kinachotoka na kurudi bila kugusa bomba la ukutani, mpangaji anaweza kukibeba. Kinachomlazimu mtu kushika kitu kilichounganishwa na ukuta ni cha mwenye nyumba, hata kama kina bei ya soda. Katriji inatoka bila kugusa ukuta, ila inategemea imeuawa na nini, hiyo mzungumze.

---

Fundi Umeme Area D

Naunga mkono, na kwenye umeme ni hivyohivyo. Balbu ni ya mpangaji kwa sababu inatoka kwa mkono. Holda si ya mpangaji, kwa sababu nyuma yake kuna waya. Mwenye uzi, umetaja swichi na soketi lakini holda umeisahau, na holda ndiyo inayoua balbu nyingi.

Holda za pini zina vipini viwili vyenye springi vinavyoisukuma balbu. Springi ikilegea kwa joto, kipini kinagusa nusu. Panatokea cheche ndogo zisizoonekana, unasikia kama mlio wa kukaanga au taa inapepesa ukifunga mlango, na kitako cha balbu kinakuwa cheusi. Balbu ya LED ina saketi ndani, haivumilii kukatiwa na kurudishiwa umeme namna hiyo, inakufa baada ya wiki chache. Mpangaji anarudi dukani kulalamika kuwa balbu ni feki, kumbe ni holda.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji kufungua kitu. Zima swichi, na ikiwezekana zima meni swichi. Hamisha balbu iliyokufa uipeleke chumba kingine kwenye holda unayoiamini, na balbu nzima ya huko ilete hapa. Iliyokufa ikiwaka kule, au nzima ikipepesa hapa, balbu haina kosa. Iliyokufa ikibaki imekufa kule na nzima ikiwaka vizuri hapa, nunua balbu.

Kuna sababu nyingine ambayo iko kwa mpangaji: balbu ya LED ndani ya globu ya kioo iliyofungwa kabisa inapikika. Hapo weka ya wati chache au acha globu wazi.

La mwisho ni la usalama. LED ikibaki na mwanga hafifu baada ya kuzima swichi, huenda swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya laini. Kama ni hivyo, holda ina umeme hata ukizima. Mpangaji asibadilishe balbu hapo mpaka azime meni. Taarifa iende kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo, na alete fundi mwenye leseni ya EWURA. Hilo sio tengenezo dogo hata kidogo.

---

Mzee wa Miyuji

Mimi nina swali. Mpangaji wangu ametoka, ukuta una matundu ya misumari na alama za mafuta jikoni. Nikate dhamana yake yote nipake rangi nyumba nzima?

---

Karani Mstaafu

Shikamoo mzee. Hilo ni la makabidhiano, na huu uzi ni wa matengenezo wakati mtu anaishi ndani. Kwa kifupi, rangi iliyofifia ni uchakavu wa kawaida, matundu ya misumari yanaweza kuhesabika kuwa uharibifu, na huwezi kumtoza nyumba nzima kwa ajili ya kuta mbili. Fungua uzi wake, tutachangia.

---

Mama Wawili Kisasa

Narudi na majibu. Nimeiloweka katriji kwenye siki, imetoka vipande vyeupe kama maganda ya yai, na sasa haidondoshi. Asante fundi.

Lakini nina hoja kwa mwenye uzi. Hata hiyo washa, kuna watu hawawezi. Bibi anayeishi peke yake utamwambia ashike spana? Na sisi tulio kwenye nyumba za kupanga uani, geti valvu iko moja tu getini. Nikitaka kubadilisha washa yangu nawafungia maji kaya zote. Siku ya mgao, kila mtu anakinga, nani atakubali?

---

Mwenyenyumba Ilazo

Dada umenipata hapo. Banda langu lina geti valvu moja karibu na mita, na nyingine kwenye tenki. Hakuna ya kila kaya. Siwezi kumpa mtu kazi halafu nikamnyima njia ya kuifanya. Fundi, kuweka geti valvu kila kaya ni kazi kubwa?

---

Fundi Bomba Nkuhungu

Kwa kaya nne ni kazi ya siku moja, kama bomba la kila kaya linaonekana kabla halijaingia ukutani. Unahitaji valvu nne za nusu inchi na viungio vyake. Chagua za mpini wa robo, zile za mpira wa chuma ndani. Zile za gurudumu la kuzungusha, zikikaa miaka miwili bila kuguswa kwenye maji yetu, zinashikana, na siku unayozihitaji hazifungi. Wapangaji wazifunge na kuzifungua angalau mara moja kwa miezi michache ili chumvi isizigandishe.

Kuhusu bibi, sema mpangaji "atagharamia" washa, usiandike "atabadilisha". Akiwa na mtu wa kumsaidia ni sawa, asipokuwa naye fundi wako anaipitia siku anayokuja kwa kazi nyingine.

---

Fundi Umeme Area D

Taa ya korido mmemwachia nani? Mwenye uzi ameandika taa za nje ya uzio tu. Banda la uani lina ile taa ya katikati inayomulikia choo na bomba, na umeme wake lazima uwe umetoka kwenye LUKU ya mtu mmoja.

---

Mwenyenyumba Ilazo

Umeme wake unatoka LUKU ya kaya ya kwanza, na anapunguziwa kwenye mchango wa maji. Balbu yake nilidhani wachange.

---

Karani Mstaafu

Sehemu ya pamoja ni yako, ndugu. Taa ya uani, korido na choo cha pamoja, balbu na holda zote weka upande wako.

---

Kijana wa Ipagala

Sikubaliani. Anayeiacha inawaka mchana kutwa si mwenye nyumba. Akilipa yeye, hakuna atakayeizima.

---

Karani Mstaafu

Hoja yako ya kuzima ina maana, lakini inahusu umeme zaidi kuliko balbu. Mwenye uzi akiweka taa yenye jicho la kujizima kukipambazuka, amelimaliza. Akitaka balbu yenyewe wachange, aandike nani anakusanya hiyo hela, kwa sababu hapo ndipo itakapoungua ikakaa gizani mwezi mzima.

---

Mwenyenyumba Ilazo

Hilo la taa ya uani nitakaa na wapangaji wenyewe tuamue, maana naona pande zote mbili. Mengine nimeandika upya hivi, mnisahihishe:

"Mpangaji atagharamia balbu za ndani na washa za koki zake. Washa inapobadilishwa, kiti cha koki kikaguliwe kwa kidole na washa ya zamani itunzwe. Kiti kikiwa na jino au mfereji, mwenye nyumba atasaga au kubadilisha koki kwa gharama yake ndani ya siku 7. Koki nzima, holda, swichi, soketi na chochote kilichounganishwa na bomba au waya wa ukutani hakitafunguliwa na mpangaji. Katriji ya kwanza ndani ya mwaka wa pango ni ya mwenye nyumba. Inayofuata ni ya mpangaji, isipokuwa fundi akikuta mchanga uliotoka kwenye tenki. Mpangaji atoe taarifa ndani ya siku 3 tangu aone koki inadondosha, na asiikaze kwa nguvu."

Kikomo cha 10,000 nimekifuta. Na siku ya kukabidhi funguo tutapita koki kwa koki na holda kwa holda, kila moja na picha.

---

Fundi Bomba Nkuhungu

Ongeza tenki la choo, umelisahau na ndilo linalopoteza maji kimyakimya kuliko koki. Siku ya makabidhiano mimina kikombe cha chai ya rangi iliyokolea ndani ya tenki la choo, msiflashi kwa nusu saa. Rangi ikishuka kwenye bakuli, raba ya chini haikai vizuri, na irekebishwe kabla mtu hajahamia. Angalia pia kama maji yanasimama chini ya mdomo wa bomba la kumwagia. Yakifika hapo, floti imepanda mno, na hiyo unaishusha kwa skrubu yake tu.

Halafu hiyo katriji ya mchanga, weka chujio kwenye bomba linalotoka tenki la juu, la sivyo utabishana na wapangaji kila masika. Na tenki lisafishwe.

---

Binti Nzuguni

Mrejesho. Mwenye nyumba amekuja leo na fundi wake, koki imefunguliwa tukiwepo wote. Ameingiza kidole, amesikia jino upande wa chini, na mwili wa koki ni ile aloi ya kijivu, kwa hiyo haisagiki. Amekubali kuleta koki ya shaba ya nusu inchi Jumamosi. Hela za washa tatu na fundi hajasema kitu, nami sijajua kama nidai. Majirani nimewaonyesha hesabu ya lita 540, na kesho tunapima vyoo vyote vitatu kwa chai ya rangi.

---

Fundi Bomba Nkuhungu

Vizuri. Jumamosi mwambie fundi ashike elbo kwa spana ya pili wakati anafungua ya zamani, na kabla ya kufunga mpya afungulie maji kidogo yasukume mchanga nje ya bomba. Tefloni azungushe kufuata uzi unavyoingia, mizunguko kama kumi. Akishamaliza, futa ukuta ukauke, weka kipande cha karatasi kavu chini ya koki mpaka asubuhi.